Kabla Hujanunua Manukato ya Stage

Mdogo wangu,

Ujumbe wako umenifikia asubuhi, mswaki bado mdomoni. Unaniuliza mambo matatu: suti ya rangi gani inafaa siku ya kwanza ya stage yako ya mafunzo ya kazini, manukato gani hayaishi haraka mwilini, na zawadi ya bosi iwe kuku au samaki. Nimecheka mpaka mama mwenye nyumba akagonga ukuta. Halafu nikafika mstari wa mwisho, pale unaposema chuo kimekupangia Beni, kwenye nyumba ileile ya kununua kakao nilikokwenda mimi, na kicheko kikanikauka. Kwa hiyo usitoke Bulengera kwenda dukani kabla hujamaliza kusoma barua hii. Ni ndefu, lakini wewe ndiye uliyeuliza.

Nianze na jinsi nilivyotayarishwa mimi, kwa sababu mtu angeniona angedhani naolewa. Baba, ambaye ni katekista na hapendi jambo lifanyike bila mkutano, aliita ukoo. Shangazi akasema msichana wa chuo hawezi kuingia ofisini na viatu bapa, akanitolea vyake vya visigino virefu, vya harusi ya binti yake. Mjomba akasema la muhimu ni Kifaransa, nisimwonyeshe bosi kwamba sijui "veuillez agréer". Kwaya ya parokia ikaniombea. Na mama, aliyekuja kutoka Musienene na gunia la maharagwe kichwani pamoja na habari zake zote, akasema hivi: "Mutoto wangu hawezi kwenda kwa chef mikono mitupu. Batasema tulikukosea malezi." Akaagiza kapu la samaki wa moshi kutoka Kyavinyonge, wale wakubwa wa ziwani, wamefungwa kwa majani ya ndizi na juu yake plastiki.

Katika mkutano wote ule, hakuna hata mmoja aliyeuliza ile nyumba inafanya kazi gani kuanzia asubuhi mpaka jioni. Hata mimi sikuuliza. Na mimi ndiye niliyekuwa nasoma teknolojia ya vyakula.

Chuo nacho kilitutayarisha, usidhani. Tulipewa alasiri nzima juu ya ukurasa wa mbele wa ripoti: jina la wizara liwe juu, herufi ziwe nene, ukingo wa kushoto uwe mpana ili uzi wa kushonea usile maneno. Mtu akauliza kama kuna la kujua kabla ya kuingia kiwandani. Mwalimu akasema: "La kujua? Mutaenda, mutaona." Tukaandika hata hilo.

Jambo moja tu alilisema akimaanisha, na nakurudishia kama lilivyo kwa sababu halijabadilika. Mwisho wa stage, msimamizi wako wa kule kazini, yule tunayemwita encadreur, anajaza fomu ya tathmini na kukupa alama juu ya ishirini. Ukipata chini ya kumi, hutetei kazi yako ya mwisho. Unarudia stage mwaka unaofuata, unawaangalia wenzako wakipiga picha na majoho. Kwangu hilo lilikuwa jambo zito, maana baba alikuwa ameshatangaza kanisani mwezi wa diploma yangu.

Nilifika Beni siku ya kwanza ya juma nikiwa na sketi ya kubana, visigino vya harusi, manukato ya shangazi shingoni na mikononi, na kapu la samaki. Encadreur alikuwa mkuu wa ubora wa nyumba ile, mtu mwembamba mwenye miwani iliyoning'inia kifuani, ambaye hakuna anayeingia bohari bila ruhusa yake. Bosi mwenyewe alikuwa safarini. Encadreur akasoma barua yangu ya chuo kwa haraka, halafu akasoma kapu polepole.

"Hii ni ya nani?"

"Ya patron, papa. Mama ndiye alituma."

"Batoto ba Butembo banajua maisha," akasema, na uso wake ukafunguka. "Bon. Patron hayuko. Nitamufikishia miye mwenyewe."

Nikamshukuru. Kisha akaangalia miguu yangu.

"Na bottes ziko wapi?"

"Bottes?"

"Mu depot hapana kuingia na talons. Hapana kuingia na parfum. Kakao inakunywa harufu yote. Chuo yenu inafundishaka nini?"

Ningemwambia ukweli kwamba inafundisha ukingo wa kushoto, angenifukuza palepale. Ndivyo nilivyomaliza juma langu la kwanza kwenye benchi la ofisi, nikitoa fotokopi na kuwachemshia watu chai, huku ng'ambo ya ukuta wafanyakazi wakipokea kakao, wakiipima unyevu, wakiipasua, wakifanya kila kitu nilichotakiwa kujifunza. Nilikuwa nimevaa vizuri kuliko mtu yeyote katika jengo lile, na nilikuwa sina kazi kuliko mtu yeyote.

Kwa hiyo jambo la kwanza, mdogo wangu: nunua buti za mpira, ndefu, za saizi yako, na uzivae nyumbani kwanza ili zisikuchubue. Manukato achana nayo, hata sabuni chagua isiyonukia sana. Na kabla ya buti, piga simu. Uliza kama tarehe ulizopewa na chuo ni za msimu ambao wananunua. Rafiki yangu mmoja alikwenda kufanya stage ya kahawa wakati mashine imefunikwa turubai, akaandika ripoti nzima juu ya turubai. Uliza pia nani atakusimamia, jina lake liandikwe kwenye mkataba wa stage, na mkataba utiwe sahihi na pande zote mbili kabla hujapanda gari. Namba ya simu ya mwalimu wako wa chuo uwe nayo. Ya mwalimu wangu sikuwa nayo, na utaona.

Mwisho wa juma nilikwenda soko la Beni nikapata buti. Nikarudi bila manukato, nywele ndani ya kitambaa, na encadreur akanifungulia mlango wa bohari. Sitasahau. Magunia ya katani yamepangwa juu ya mbao ili yasiguse sakafu, mbali kidogo na ukuta ili hewa ipite, na harufu ile ya kakao iliyochacha vizuri, chachu kidogo, nzito, inayokufanya umeze mate. Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Nilikuwa nimeishi juma zima hatua chache kutoka mahali pale, nikitafuta sukari ya chai ya mhasibu.

Na hapa nimsifu encadreur, kwa sababu alijua kazi na alinifundisha bila choyo. Alinionyesha jinsi ya kuchoma gunia kwa chuma chenye mfereji na kutoa punje kutoka tumboni mwake, siyo za juu tu, maana wauzaji wanajua kupamba za juu. Alinifundisha kupanga punje kwenye kibao chenye vishimo na kushusha kisu, zikapasuka zote kwa urefu, halafu kusoma matumbo yake. Ya kahawia yenye mifereji imechacha vizuri. Ya zambarau imechacha nusu. Ya kijivu, ngumu kama kigae, haikuchacha kabisa. Yenye ukungu, hesabu na uonyeshe, usiifiche. Kipimo cha unyevu kikipita asilimia nane, gunia linarudi juani. Mwisho kabisa unasaga punje chache viganjani, unapumua joto juu yake, unanusa. "Macho inaweza kudanganywa," aliniambia. "Pua, hapana." Nililiandika neno hilo siku hiyohiyo. Andika kila siku, mdogo wangu, usingoje wiki ya ripoti. Wiki hiyo utakumbuka chai tu.

Kumbe yeye mwenyewe pua yake ilikuwa likizoni.

Siku chache baadaye alinituma kuchukua sampuli kwenye rundo la kona ya nyuma, lile lililokuwa tayari kwa mnunuzi wa nje. Nikachoma gunia, nikasaga, nikapumua, nikanusa. Nikarudia gunia la pili. Nikajiambia labda ni mikono yangu, nikaenda kunawa, nikarudi. Ilikuwa samaki. Nikainama nyuma ya rundo, na pale, juu ya magunia ya mwisho, palikuwa na kapu la mama yangu. Plastiki imefunguliwa, majani ya ndizi yamekunjuliwa, na kisu kidogo cha kukatia kimewekwa pembeni kwa adabu.

Nilisimama pale nikiwa na hasira kuliko hofu. Kwa majuma mawili nilikuwa nadhani bosi anakula samaki wa mama. Alikuwa amerudi safari, tukapishana mlangoni kila siku, hakunishukuru hata kwa kichwa, na mimi nikawa najiambia kwamba wakubwa ndivyo walivyo. Kumbe samaki walikuwa hawajavuka ofisi. Encadreur aliwaweka bohari kwa sababu pana baridi, pana kufuli, na paka hawaingii, na kila saa sita alikuwa anakuja kukata kipande chake cha kulia bugali. Mtu aliyenikatalia mlango kwa sababu ya manukato ya shangazi.

Nikamwita. Akanusa, na nikaona kwenye uso wake kwamba amesikia harufu ile kama nilivyoisikia mimi. Akalitoa kapu kimyakimya, akalipeleka kwenye pikipiki yake. Aliporudi akanikuta bado nimesimama palepale.

"Kesho mama wa contrôle anakuja," akasema. Alimaanisha mkaguzi wa mnunuzi. "Hizi gunia tutazichanganya katikati ya zingine. Yeye anachomaka za pembeni."

"Papa, lakini zinanuka samaki."

"Zinanuka kwa nani? Samaki ni ya mama yako, hapana yangu. Ukisema, banaenda kusema stagiaire ndiye aliharibisha mali ya patron." Akavaa miwani yake, akaniangalia kupitia kwayo. "Na cote, alama yako, iko mu mukono yangu. Unajua vile?"

Nilijua vile. Nilitoka nje nikajaribu kutafuta namba ya mwalimu wa chuo anayetusimamia, yule aliyepaswa kuja kutuona kazini angalau mara moja. Kiongozi wa darasa akanijibu kwamba mwalimu amebadilisha namba, na kwamba kutuona kulishaandikwa kuwa kumefanyika. Nikapigia nyumbani. Nilitaka kumwambia mama kila kitu, lakini yeye akanitangulia: "Patron alifurahi?" Nikamwambia alifurahi sana. Mchana ule niliumia kwa uongo huo kuliko kwa jambo lingine lolote.

Mkaguzi alikuja asubuhi, mama wa makamo mwenye kitenge na viatu vya kazi, mpole wa sauti, anayesalimia kila mtu kabla ya kufungua mkoba wake. Bosi akajitokeza kumpokea, na wote tukaingia bohari: bosi, encadreur, mkaguzi, na mimi nimebeba kibao. Alichoma magunia ya pembeni, yakawa safi. Halafu, kwa namna ya mtu anayetembea tu, akapanda juu ya mbao na kuchoma katikati. Akasaga punje, akapumua, akanusa. Akamnyooshea bosi kiganja.

"Patron, unasikia nini?"

Bosi akavuta pumzi, akakohoa. "Niko na mafua," akasema.

Mkaguzi akamgeukia encadreur. Yule akanusa muda mrefu, macho amefumba, mtu ungedhani anasali. "Kakao," akasema. "Minasikia kakao tu."

"Ile ya kakao hata mimi niliisikia," mkaguzi akajibu, na akanigeukia mimi. "Na weye, stagiaire? Unasikia nini?"

Ningependa kukuambia kwamba nilikuwa jasiri. Ningependa kukuambia kwamba nilifikiria haki, chuo, na heshima ya taifa. Sikufikiria kitu. Nilikuwa naogopa. Lakini nilikuwa nimenusa magunia mengi siku zile, na kila mara nilipoulizwa unasikia nini, nilijibu ninachosikia. Mdomo ulikuwa umeshazoea. Kiganja kikaja chini ya pua yangu.

"Minasikia samaki," nikasema. "Ya moshi."

Bosi ndiye aliyetangulia kusema, na mpaka leo nikikumbuka nacheka na kukasirika kwa pamoja.

"Samaki? Mu depot yangu? Nani alileta samaki?"

Encadreur hakukawia. "Ni stagiaire, patron. Alikuya nayo kutoka Butembo."

"Nilileta, ndiyo," nikasema. "Mama alinituma nilete kwa patron. Nilimupa encadreur mu mukono siku ya kwanza. Depot sikuingia juma lile lote, alinikatalia juu ya bottes."

Bosi akatugeukia, mmoja baada ya mwingine. Nikangoja aulize magunia mangapi yameharibika, nani alizembea zamu ya usafi, hasara itakuwa nini.

"Donc," akasema taratibu, "samaki ya mama yake ilikuwa yangu. Iko mu nyumba yangu majuma mawili. Na miye sijaonja hata mukia?"

Ndiyo ilikuwa kesi nzima, mdogo wangu. Mkaguzi akafunga mkoba wake, akanunua yale magunia ya pembeni, ya katikati akayakataa yote, akaaga kila mtu kwa jina la ukoo na kuondoka. Baadaye hayo yaliyokataliwa yalichukuliwa na mfanyabiashara fulani, nadhani asiye na pua. Encadreur akaenda kuomba msamaha nyumbani kwa bosi, na hakwenda mikono mitupu: nilisikia alipeleka mbuzi. Jioni walionekana pamoja kwenye veranda, wakicheka. Heshima ilikuwa imerudishwa mahali pake, na kakao haikuwa na mtu wa kuilipia.

Mimi nilibaki mpaka siku ya mwisho. Hawakunifukuza, na nitakuambia kwa nini: mkaguzi alipopiga simu kuhusu mzigo uliofuata, alisema yule msichana wa kunusa awepo. Basi nikawa nasimama kila mzigo ukija, bosi ananitambulisha kwa wageni kwa majivuno, "Huyu ni pua yetu," nami nanusa, nasema, wanaandika. Nilijifunza kazi kweli kweli majuma yale. Encadreur mwenyewe aliendelea kunifundisha, kwa upole uleule, na sikuelewa kwamba upole huo haukuwa msamaha.

Fomu ya tathmini alinipa ikiwa ndani ya bahasha iliyofungwa, akanishika mkono, akanitakia safari njema. Bahasha tunapeleka chuoni bila kufungua, hiyo ndiyo kanuni, na nilipita Butembo nzima nikiibeba kifuani nikidhani ni habari njema.

Sasa unajua kwa nini nimeandika haya yote badala ya kukujibu rangi ya suti. Yule encadreur bado yupo. Ni mwalimu mzuri, mfuate katika kila jambo la punje, na samaki usimpelekee. Mama yako akisisitiza, mwambie bosi ana mafua. Lakini kazi kubwa ya kutayarisha haiuzwi sokoni Beni wala Butembo. Kaa chini sasa hivi, ukiwa umeshiba na hakuna anayekuangalia, ujiulize utajibu nini siku ukinyooshewa kiganja mbele ya mtu anayeshika alama zako. Mimi sikutayarisha jibu. Lilitoka lenyewe, na gharama yake nikaja kuijua baadaye. Wewe ijue kabla, kisha ujibu unavyotaka. Sitakulaumu kwa lolote utakalochagua, na hilo nalisema kwa moyo wangu wote, maana najua ilivyo.

Mwalimu wetu wa chuo, yule wa ukingo wa kushoto, ndiye aliyeifungua bahasha mbele yangu. Akasoma, akavua miwani, akasoma tena.

"Ufundi, sana. Bidii, sana. Tabia ya kazi..." Akaniangalia kwa huzuni ya kweli, kama baba. "Tisa juu ya ishirini. Lakini ulifanya nini kule?"

"Niliulizwa swali, mwalimu," nikasema. "Nikajibu."

Akatikisa kichwa, akachukua kalamu yake nyekundu, na mbele ya jina langu akaandika: arudie.